Pesa Iliyoondoka Bila Maneno 12

Tulikuwa barazani kwa mamdogo, Tabata, jua limeshazama, tunasubiri malipo ya mteja. Mdogo wangu, mtoto wa mamdogo, huchora nembo na vifungashio kwa ajili ya kampuni moja ya Ujerumani. Wanamlipa kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, kupitia mtandao wa blokcheni wa BNB Smart Chain, kwa sababu kupitia benki hela inachelewa na makato yanauma.

Simu ikalia. Akanigeuzia kioo nione: USDT 150.

"Dada, imeingia."

Akaiweka simu mezani, akamimina chai, tukaongea habari za mtoto wake aliyeanza kutembea. Alipoichukua tena ili aiuze P2P, yaani moja kwa moja kwa mtu mwingine, apokee kwa M-Pesa, salio lilikuwa sifuri.

Simu ilikuwa mbele yetu muda wote. Hakuna aliyeigusa.

Na hii ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza ziliondoka 340, na wakati ule sote tulikubaliana haraka kwamba kuna mtu ameyapata maneno yake 12, yale ya siri yanayofungua pochi yake kwenye simu yoyote. Akabadilisha PIN. Akaifuta programu ya pochi, akaipakua upya, akaingiza maneno yake, akaendelea na kazi. Tuliamini mlango umefungwa.

Tangu jioni ile nimekuwa nikilala na kuamka na swali moja. Kama mwizi anayo maneno 12, kwa nini ameacha BNB?

## BNB iliyobaki

Mdogo wangu huwa anaweka kidogo cha BNB, sarafu ya mtandao huo, ya kulipia gesi, yaani ada ya kila muamala. Siku ile ilikuwa na thamani ya dola nne hivi. Ilikuwepo mara ya kwanza, ilikuwepo mara ya pili, na haikuguswa.

Waliokuwa wanatushauri kwenye kundi la Telegram hawakuliona hilo kuwa jambo. Kila mtu alisema vilevile: "Bro, seed phrase yako imevuja." Wengine walianza kumuuliza kwa ukali aliandika wapi, alimtumia nani picha, alisevu kwenye barua pepe ipi. Yeye akaapa kwamba maneno yale yako kwenye daftari moja tu, na daftari liko kwenye sanduku la mama yake.

Nilimwamini, lakini kumwamini hakukunipa jibu. Mtu mwenye maneno 12 ni mwenye pochi kamili kama wewe. Roboti zao huzoa kila kitu, na sarafu ya gesi nayo hawaiachi, kwa sababu bila gesi mwenye mali hawezi hata kujaribu kuokoa kilichobaki. Huyu wa kwetu alichukua USDT peke yake, akaacha gesi mara zote mbili.

Kwa hiyo nikaacha kuwauliza watu, nikafungua BscScan, kichunguzi kinachoonyesha miamala yote ya mtandao huo.

## Mstari wa `From`

Ukiingiza anwani yako BscScan, muamala wowote ukiugusa unafunguka ukurasa wenye mambo mengi. Mimi nilikuwa natafuta kitu kimoja: nani alisaini.

Juu kuna `From`. Hiyo ni anwani iliyosaini muamala na kulipa gesi yake. Chini kidogo kuna orodha ya tokeni zilizohama, nayo ina `From` na `To` zake. Watu wengi huangalia ile ya chini, wanaona anwani yao, wanahitimisha kwamba pochi yao ndiyo iliyotuma.

Ile ya juu haikuwa anwani ya mdogo wangu.

Niliisoma tena herufi kwa herufi. Mtu mwingine kabisa, kwa gesi yake mwenyewe, aliuita mkataba fulani, yaani programu inayoishi kwenye blokcheni, na mkataba ule ukahamisha USDT kutoka kwenye anwani ya mdogo wangu. Maneno 12 hayakutumika popote. Kama mwizi angekuwa nayo, angesaini kama mdogo wangu, na `From` ya juu ingekuwa ya mdogo wangu.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka kwangu. Tulikuwa tumebadilisha kufuli la mlango ambao mwizi hakuwahi kuupita.

Kitu cha pili kilichonishika macho: tokeni zilihama kwa mistari miwili ndani ya muamala mmoja. USDT 30 zilikwenda anwani moja, 120 zikaenda nyingine. Nikarudi kwenye wizi wa kwanza. Na wenyewe ulikuwa na mistari miwili: 68 na 272. Nikapiga hesabu. Mara zote mbili ni asilimia 20 na asilimia 80. Nitalirudia hili, maana wakati ule sikujua maana yake.

Nikateremka kwenye historia kutafuta kitu ambacho mdogo wangu mwenyewe alikisaini kabla ya wizi wa kwanza. Kilikuwepo. Dakika chache kabla ya zile 340 kuondoka kulikuwa na muamala wake, thamani sifuri, na kwenye safu ya `Method` pameandikwa `Approve`.

## "Niliunganisha tu"

Nilimpigia simu. Akakumbuka mara moja.

Kundini aliletewa ujumbe na mtu mwenye jina na picha ya msimamizi, kwamba mradi fulani unagawa tokeni za bure kwa waliowahi kutumia mtandao wao. Kiungo kilifungua ukurasa mzuri, nembo ileile, rangi zilezile, na saa inayohesabu kurudi nyuma. Akabonyeza `Connect Wallet`. Ukurasa ukamwambia anastahili. Akabonyeza `Claim`. Pochi ikaibua dirisha, akabonyeza kukubali, ukurasa ukazunguka kisha ukasema kuna hitilafu ajaribu baadaye.

"Lakini Dada, mimi sikutuma hela. Niliunganisha tu pochi."

Hii kauli, niliunganisha tu, nimeisikia kwa watu wengi tangu nianze kuuliza, na ndiyo inayoficha kilichotokea. Kuunganisha pochi kwenyewe hakuchukui chochote. Ukurasa unapata anwani yako, basi, na kwa anwani hiyo unaweza kusoma salio lako, ambalo hata hivyo liko wazi kwa dunia nzima. Mwizi analihitaji salio hilo ili ajue aombe nini. Kurasa hizi hupanga mali zako kuanzia ya thamani kubwa, kisha zinaanza kuomba kwa mpangilio huo. Mdogo wangu alikuwa na tokeni nne tano za vijisenti, lakini dirisha lililotokea lilikuwa la USDT.

Mabonyezo yalikuwa mawili yanayofanana, moja likifuata jingine kwa sekunde chache. La kwanza, la kuunganisha, halikuwa na madhara. La pili lilikuwa na ombi hili:

```
approve(address spender, uint256 amount)
amount = 115792089237316195423570985008687907853269984665640564039457584007913129639935
```

`spender` ni anwani ya anayepewa ruhusa, na ilikuwa ni ule mkataba niliouona kwenye wizi. `amount` ni kiwango anachoruhusiwa kuchukua. Namba hiyo ndefu ndiyo kubwa kuliko zote ambayo sehemu hiyo inaweza kubeba, na pochi nyingi huifupisha kwa kuandika `Unlimited`. Nyingine hazikuandikii kitu cha maana.

## Idhini inakaa wapi

Jambo ambalo lingetuokolea zile 150 ni kujua idhini hii inakaa wapi. Haiko kwenye simu, wala kwenye programu ya pochi, wala kwenye ule ukurasa wa kitapeli, ambao ulishafutwa siku nyingi. Inaandikwa ndani ya mkataba wa USDT wenyewe, kwenye blokcheni: anwani hii imemruhusu huyu achukue hadi kiasi hiki. Mstari huo unabaki pale mpaka mwenye anwani aubadilishe.

Mfanyakazi aliyesaini fomu ya makato ya mshahara ataelewa haraka. Kila mshahara ukiingia, mkato unapita, na kubadilisha PIN ya kadi ya benki hakuugusi. Unakoma siku ile fomu yenyewe inapofutwa.

Ndiyo maana kufuta programu na kuipakua tena hakukusaidia. Maneno yaleyale 12 yalirudisha anwani ileile, na anwani ileile ilikuwa bado na mstari uleule. Roboti ya mwizi ilikuwa inaangalia tu salio. Zile 150 zilipotua, ikaita `transferFrom`, kazi ambayo mkataba wa USDT unaikubali kutoka kwa yeyote mwenye idhini, na mwenye mali hahitaji kuwa macho.

BNB ilibaki kwa sababu idhini ya aina hii ni ya tokeni. BNB, kama ETH kwenye Ethereum, ni sarafu ya mtandao wenyewe. Haina mkataba wa kuandikia mstari huo. Ili kuichukua, wezi hukuomba usaini muamala unaoituma, mara nyingi wakiupa jina la kuvutia kama `Claim`, na hapo inaondoka mara moja tu, siku uliyosaini.

Kwa hiyo swali langu la BNB lilikuwa na jibu, na jibu hilo linamfaa yeyote aliyeibiwa kabla hajaanza kujilaumu au kulaumiwa. Tokeni zimeondoka, sarafu ya gesi ipo, na `From` ya juu si yako: tafuta idhini. Kila kitu kimeondoka na `From` ya juu ni yako kwenye miamala usiyoijua: ufunguo umevuja, hiyo pochi ihame leo.

## Kitufe kilekile

Baada ya kuelewa haya nilitaka kumwambia kila mtu asibonyeze `Approve`. Siku mbili tatu nikiwaza, nikaona ushauri huo haufai kitu.

Mdogo wangu alikuwa ameshabonyeza `Approve` mara nyingi kabla ya siku ile, na kwa haki. Ukibadilisha USDT kuwa tokeni nyingine kwenye soko lisilo na msimamizi, mkataba wa soko lazima uruhusiwe kuchukua USDT yako. Masoko halali yameomba idhini isiyo na kikomo kwa miaka, ili mteja asilipe gesi ya idhini kila anapouza. Yaani huduma halali ndizo zilizomfundisha kidole chake kubonyeza kitufe hiki bila kusoma. Tapeli alikuja kuvuna tabia iliyokwisha kulimwa.

Hilo liliniuma kuliko wizi wenyewe. Kijana anapigiwa kelele kundini kwamba ni mzembe, wakati dirisha la pochi lilimwonyesha ombi linalofanana na lile aliloliona kila wiki.

Basi tofauti iko wapi?

Nimeipata kwenye mwelekeo wa mali. Idhini inahitajika pale unapotoa tokeni uliyo nayo. Kupokea hakuhitaji idhini. Uniswap, mojawapo ya masoko hayo yasiyo na msimamizi, ilipogawa tokeni yake ya UNI Septemba 2020, tokeni 400 kwa kila anwani iliyowahi kutumia huduma yao, mwenye haki aliita mkataba wa mgao, akalipa gesi, tokeni zikaingia. Mtandao wa Arbitrum ulipogawa tokeni yake ya ARB Machi 2023 ilikuwa vivyo hivyo. Hakuna aliyeulizwa ruhusa juu ya USDT yake, kwa sababu USDT yake haikuwa na kazi yoyote katika jambo hilo. Ukurasa unaosema unakupa tokeni mpya, huku dirisha la pochi likitaja tokeni uliyo nayo tayari, umeshajieleza.

Kwenye kuminti, yaani kutengenezewa tokeni au NFT mpya na mradi, kuna tofauti moja ambayo lazima niitaje, maana nimeona watu wakiipuuza kisha wakachanganyikiwa. Kuminti kunakolipiwa kwa ETH au BNB hakuhitaji idhini. Bei inaambatana na muamala. Lakini mradi ukiuza kwa tokeni, idhini ya kweli itaombwa. Ardhi za kidijitali za Otherside zilipouzwa Aprili 30, 2022, kila kipande kilikuwa tokeni 305 za APE, na wanunuzi walilazimika kwanza kuuruhusu mkataba uchukue APE zao. Hapo usalama uko kwenye mambo mawili: tokeni inayotajwa iwe ile ya bei, na kiwango kiwe kile cha bei. Baadhi ya pochi, MetaMask mojawapo, zinakuruhusu kukifuta kiwango kilichopendekezwa na kuandika chako.

Na `setApprovalForAll` ikitokea kwenye ukurasa wa kuminti, funga. Hiyo inampa mtu mamlaka juu ya NFT zako zote, yaani tokeni za kipekee ambazo kila moja ni tofauti na nyingine, za mkusanyo mmoja. Ina nafasi yake unapoziweka sokoni. Unapominti mpya haina kazi.

## Wajuzi nao

Kuna watu wataisoma hii wakisema wao hawabonyezi viungo vya Telegram. Nawaelewa, na ningependa waangalie kilichotokea Julai 11, 2022.

Siku hiyo mtu alituma tokeni isiyo na thamani kwa anwani zaidi ya 73,000 zilizokuwa zikitumia Ethereum. Hakutuma ujumbe kwa yeyote. Tokeni ilionekana tu ndani ya pochi, na jina lake lilielekeza kwenye tovuti iliyodai kwamba ukiileta hapo utabadilishiwa kwa UNI. Waliokuwa waangalifu walikwenda kwenye kichunguzi kuangalia imetoka wapi, kama nilivyofanya mimi. Kichunguzi kikawaonyesha kwamba mtumaji ni mkataba wa Uniswap wa nafasi za ukwasi.

Haukuwa huo. Mkataba wa tokeni unatoa taarifa za uhamisho wake wenyewe, na mwandishi wa mkataba anaweza kuandika humo mtumaji yeyote anayetaka. Kichunguzi kilisoma taarifa hiyo ya uongo na kuionyesha kama ilivyo. Ukweli ulikuwa kwenye `From` ya juu, ile ya aliyesaini.

Walengwa walikuwa watoa ukwasi wa Uniswap V3, yaani watu walioweka mali zao sokoni ili wengine wabadilishie, ambao mtaji wao ulishikiliwa kwa mfumo wa NFT. Idhini moja ilitosha kuihamisha NFT, na mtaji wote ukaondoka nayo. Hasara ilifika kama dola milioni 8. Mikataba ya Uniswap yenyewe haikuwa na tatizo, ingawa kwa saa chache hata Changpeng Zhao, mkuu wa soko la sarafu la Binance wakati huo, alitahadharisha hadharani kwamba huenda imedukuliwa, kabla ya kusahihisha.

Mwaka uliofuata, Septemba 9, 2023, akaunti ya X ya Vitalik Buterin, mwanzilishi mwenza wa Ethereum, ilitekwa kwa njia ambayo hapa nyumbani tunaijua vizuri: laini yake ya simu ilihamishwa. Waliiteka wakaweka kiungo cha kuminti NFT ya bure ya kumbukumbu ya maboresho ya Ethereum. Watu walipoteza takriban dola 691,000 kwa kiungo kilichotoka kwenye akaunti halisi ya mtu halisi.

Kwa hiyo kumjua mtumaji hakutoshi, na hata kukagua asili ya tokeni kwa haraka hakutoshi. Dirisha la pochi ndipo mahali pa mwisho ambapo ombi linalazimika kujitaja lilivyo, ingawa hata hapo wapo waliojifunza kulificha.

## Ishirini kwa themanini

Sasa zile 30 na 120.

Nilidhani nimeona mwizi akigawa fedha kwenye pochi zake mbili. Niliposoma zaidi nikakuta kwamba mgawanyo huo ni makubaliano ya kibiashara. Kuna makundi yanayotengeneza programu ya kunyonya pochi na kuikodisha. Kundi linatoa programu ya ukurasa, mkataba wa blokcheni na roboti ya kuangalia salio. Aliyekodi anatafuta wahanga: anaiga akaunti ya msimamizi, anateka akaunti za X, ananunua matangazo. Kinachopatikana kinagawanywa papo hapo na mkataba wenyewe. Inferno Drainer, mmoja wa waliojulikana sana, ilijichukulia asilimia 20. Ilitangaza kufunga Novemba 2023, na baadaye ikaonekana tena kazini.

Scam Sniffer, wanaofuatilia wizi wa namna hii, walihesabu dola milioni 494 kutoka kwenye anwani zaidi ya 332,000 kwa mwaka 2024 peke yake.

Nilipoelewa hili niliacha kushangaa kwa nini ukurasa ule ulikuwa mzuri vile. Aliyemtumia mdogo wangu ujumbe huenda hajui kuandika mstari mmoja wa programu. Amepewa kila kitu. Na ninaelewa pia kwa nini maonyo ya pochi hayakuwaka: mikataba na anwani hubadilishwa mara kwa mara ili ombi lifike kabla orodha za hatari hazijaijua anwani mpya.

## Saini isiyo na gesi

Kilichonitia hofu zaidi hakikumkuta mdogo wangu, ila kingeweza.

`Approve` aliyoibonyeza ilimdai gesi, senti chache za BNB, na ikaacha alama kwenye historia yake ambayo niliifuata. Kuna namna nyingine isiyodai gesi na isiyoacha alama. Inaitwa `Permit`. Baadhi ya tokeni, USDC ya Ethereum ikiwemo, zinakubali idhini iliyosainiwa nje ya blokcheni. Unasaini ujumbe, saini inabaki mkononi mwa mwizi, na anaipeleka mwenyewe anapotaka, akiitumia na kuchukua mali ndani ya muamala mmoja. Permit2, mkataba ambao Uniswap waliuleta mwishoni mwa 2022, umepanua njia hiyo kwa tokeni yoyote ambayo ulishaipa Permit2 idhini.

Watu walioibiwa hivi wanaapa kwamba hawakufanya muamala wowote, na wanasema kweli.

Ukurasa wa kitapeli unaiita saini hii uthibitisho au kuingia, na unasisitiza kwamba haina gharama. Kuna saini za kuingia za kweli, nazo huwa ni maandishi yenye jina la tovuti na ujumbe wa kueleweka. Ya hatari ina mafungu: `owner`, `spender`, `value`, `deadline`. Ukiona `spender` ndani ya kitu unachoambiwa ni cha kuingilia tu, kataa.

Na hapa kufuta idhini kuna ukomo. Saini iliyotolewa ikiwa bado haijatumika, kurasa za kukagua idhini hazitaionyesha, kwa sababu blokcheni haijaiona. Ukihisi umesaini kitu hicho, usikae kutafuta pa kufutia. Hamisha tokeni hizo kwenye anwani nyingine, sasa hivi.

## Tulivyofuta

Kwa mdogo wangu kazi ilikuwa nyepesi, maana idhini ilikuwa wazi. BscScan ina ukurasa wa kukagua idhini za tokeni, na tovuti ya revoke.cash inafanya kazi hiyo kwa mitandao mingi. Anwani zote mbili tuliandika wenyewe kwa mkono. Kwenye injini za utafutaji kuna matangazo ya kurasa feki za kufutia idhini, zinazoomba idhini.

Tukaiona USDT, `spender` yule, `Unlimited`. Kufuta ni `approve` ileile ikiwa na kiwango sifuri. Inalipiwa gesi, na hapa ile BNB iliyoachwa ilifaa. Mtu asiyekuwa nayo anaweza kujitumia kidogo bila hofu kama tatizo ni idhini. Kama tatizo ni ufunguo uliovuja, roboti itaimeza kabla hujafanya lolote, na hiyo nayo ni njia ya kutambua.

Mdogo wangu alitaka tujaribu kwa kutuma USDT mbili tuone kama zitakaa. Nilimkatalia. Roboti zinaweza kupuuza kiasi kidogo, kwa hiyo mbili zikikaa hazithibitishi kitu. Tulikwenda kwenye ukurasa wa mkataba wa USDT, `Read Contract`, tukafungua `allowance`, tukaingiza anwani yake na ya `spender`. Jibu likaja `0`. Huo ndio ushahidi. Zile 490 zilizoondoka hazitarudi, na kila aliyemfuata pembeni baada ya hapo akijiita mtaalamu wa kurudisha fedha alikuwa anataka jambo moja kati ya mawili: maneno 12 au idhini nyingine.

Idhini ni za mtandao mmoja, tokeni moja, na `spender` mmoja, hivyo kufuta ya BNB Smart Chain hakugusi uliyoitoa Ethereum au Tron. Kila mtandao uliowahi kuutumia unakaguliwa peke yake.

Kisha tukaichukua anwani ya `spender` tukaiweka kundini, tukiwaomba wanachama wafungue orodha zao za idhini waangalie kama ipo. Kwa muda kulikuwa kimya. Halafu picha zikaanza kuingia. Wengine walikuwa wameibiwa na wakanyamaza kwa aibu, wakiamini walivujisha maneno yao. Wawili walikuwa na mstari uleule, mwizi yuleyule, kiwango kilekile, na hawakuwa wamepoteza chochote. Siku waliyobonyeza pochi zao zilikuwa na dola mbili tatu. Mmoja wao alikuwa anasubiri kulipwa Ijumaa.